Meseji ya tahadhari haifiki, inachelewa au inamaliza salio: jinsi ya kujua shida iko wapi

Mtu akiamua kuweka tahadhari za meseji mara nyingi ni kwa sababu bando linaisha haraka au intaneti inakatika kila saa, na ni uamuzi mzuri, maana meseji haihitaji bando wala simu janja ya anayepokea. Shida inakuja pale kitu kinapoharibika kweli na meseji haionekani, au inaonekana kesho yake, na kila mtu anaanza kulaumu mtandao wa simu. Mara nyingi mtandao wa simu hauna kosa lolote. Kwenye maelezo haya nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho ili tusichanganyikiwe, friji ya chanjo kwenye kituo cha afya, ina kipimajoto ndani, kompyuta ndogo inasoma joto kila dakika, na joto likitoka kwenye 2 mpaka 8 ambazo ndizo nyuzi za kutunzia chanjo nyingi, mhudumu wa zamu anatakiwa apate meseji. Ukiwa na pampu ya maji au jenereta au seva badala ya friji, mambo ni yale yale.

Kabla hujagusa chochote jua kwamba meseji yako inasafiri hatua nne: kutoka kwenye kipimajoto kwenda kwenye kompyuta, kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye modemu, kutoka kwenye modemu kwenda kwenye kituo cha meseji cha kampuni ya simu, halafu kutoka kituoni kwenda kwenye simu ya mtu. Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kujua imekwama hatua ipi. Ukianza kubadilisha laini, antena na programu kwa pamoja hutajua kamwe kilichoponya ni kipi, na tatizo likirudi unaanza upya.

Intaneti ikikatika na meseji nazo zinakata

Hii ndo ya kwanza kuangalia maana ukiikuta huna haja ya kwenda mbele. Mifumo mingi inayoitwa ya meseji kwa kweli inatuma ombi kwa intaneti kwenda kwa kampuni inayotuma meseji kwa wingi, halafu ile kampuni ndo inatuma meseji. Kwahiyo anayepokea hahitaji intaneti, sawa, lakini anayetuma anaihitaji, na anayetuma ndo yuko pale pale kwenye intaneti mbovu. Umeikimbia intaneti upande ambao haukuwa na shida.

Kipimo chake ni chepesi sana, chomoa waya wa intaneti au zima ruta, kisha chovya kipimajoto kwenye maji ya vuguvugu mpaka kipite 8 na usubiri. Meseji ikifika basi modemu yako inatuma yenyewe kupitia mnara. Isipofika, halafu ukirudisha waya zikamwagika zote, jibu unalo, mfumo wako unategemea intaneti na hakuna kurekebisha laini au antena kutakakosaidia. Unahitaji modemu yenye laini iliyochomekwa pale pale kwenye kompyuta, hata kama utabaki na ile kampuni ya meseji kama njia ya pili. Laini hiyo haihitaji bando la data hata chembe, inahitaji salio au kifurushi cha meseji tu.

Ukimaliza kipimo cha waya fanya na cha umeme, maana huu ndo mtego mbaya zaidi. Zima swichi kuu kama vile umeme umekatika. Friji imezima, sawa, lakini je ruta, kompyuta na modemu navyo vimezima? Kama vimezima basi mfumo wako unakufa dakika ile ile ambayo kazi yake inaanza. Kompyuta na modemu lazima viwe kwenye betri, na programu itume meseji ya "umeme umekatika" mara tu umeme unapokatika, isisubiri joto lipande. Sababu ni kwamba mnara wa simu wa eneo hilo nao mara nyingi unakuwa umeingia kwenye betri zake muda huo huo, na betri za mnara nazo zina mwisho. Friji nzuri inaweza ikakaa masaa kadhaa kabla joto halijafika 8, na ikifika huenda mnara umeshalala. Meseji ya mapema inapita wakati njia bado ipo.

Programu inasema imetuma lakini hakuna kinachotoka

Hapa tunaongelea modemu yako mwenyewe. Wengi tunatumia `gammu-smsd` kwenye kompyuta ndogo ya linaksi, kwahiyo nitaielezea hiyo. Inavyofanya kazi ni kwamba programu yako inaweka faili kwenye folda ya outbox, `gammu-smsd` inalichukua, inatuma, halafu inalihamishia folda ya zilizotumwa. Sasa kuna kitu kimoja watu hawakijui, kwenye mipangilio kuna `sentsmspath` na kuna `errorsmspath`, na kama hiyo ya pili hukuiandika basi meseji zilizoshindikana zinawekwa kwenye folda ile ile ya zilizotumwa. Unafungua folda unaona meseji yako imo, unaapa kwamba imetumwa, kumbe ilikataliwa. Andika zote mbili zikiwa folda tofauti ndo uanze kuamini unachokiona.

Faili likiwa limeganda outbox, tatizo liko kati ya kompyuta na modemu. Hapo kuna sababu tatu zinazojirudia. Ya kwanza poti imebadilika jina, jana modemu ilikuwa `/dev/ttyUSB0`, umeme ukarudi ikaamka ikiwa `/dev/ttyUSB2`, na mipangilio bado inaita jina la zamani. Dawa yake ni kutumia jina refu lililoko ndani ya `/dev/serial/by-id/` ambalo halibadiliki hata ukichomoa na kuchomeka. Ya pili kuna programu nyingine imeikalia poti, mara nyingi ni `ModemManager` ambayo mifumo mingi ya linaksi inakuja nayo, yenyewe inadhani modemu ni ya intaneti na inaing'ang'ania. Kama huitumii kwa intaneti izime. Ya tatu modemu inajitambulisha kama sidii badala ya modemu, zile za USB zina tabia hiyo, na `usb_modeswitch` ndo inaigeuza.

Faili likiwa linatoka outbox na kuishia kwenye folda ya makosa, ongea na modemu mwenyewe. Simamisha `gammu-smsd` kwanza maana poti haikai na watu wawili, fungua `minicom` kwenye ile poti, kisha uliza maswali manne kwa mpangilio huu:

```
AT+CPIN?
AT+CREG?
AT+CSQ
AT+CSCA?
```

La kwanza likijibu `READY` laini imeonekana na haidai namba ya siri. Likijibu `SIM PIN` ndo sababu yako hiyo, laini inaomba namba ya siri kila modemu ikiwaka na hakuna mtu wa kuiandika, ichomeke kwenye simu ya kawaida uiondoe.

La pili linasema kama laini imesajiliwa kwenye mnara. Angalia namba ya pili kwenye jibu, `0,1` ni sawa, `0,5` iko kwenye mtandao wa wageni na inatuma ila angalia gharama, `0,2` inatafuta mnara, `0,3` imekataliwa. Ukiona `0,3` usihangaike na antena, ni kampuni ya simu imeikataa laini au modemu, labda laini imefungwa kwa kukaa bila kutumika au usajili wake una kasoro, hapo unaongea nao. Ukiona `0,2` haiishi wakati simu yako pembeni ina netiweki imejaa, jiulize modemu ni ya kizazi gani. Modemu nyingi za bei nafuu zinajua 2G peke yake, na kampuni ya simu ikizima 2G eneo hilo modemu itatafuta mpaka mwisho wa dunia, simu yako haitaona tofauti kwa sababu yenyewe iko 4G.

La tatu ni nguvu ya mawimbi, jibu ni kati ya 0 na 31, na 99 maana yake hajui. Chini ya 10 meseji zinaanza kugoma goma, ukifika 5 usitegemee. Usiridhike na namba ya mara moja, uliza mara kadhaa asubuhi na jioni, na uliza modemu ikiwa mahali pake pa kudumu, mlango umefungwa. Unakuta mtu anajaribu modemu mezani karibu na dirisha inampa 18, halafu anaifungia ndani ya kabati la chuma nyuma ya friji. Chuma kinameza mawimbi. Antena ya nje yenye waya au tu kuisogeza modemu kwa waya mrefu wa USB mpaka dirishani kunatosha mara nyingi.

La nne ni namba ya kituo cha meseji. Ikiwa tupu au ya kampuni nyingine kwa sababu laini imebadilishwa, modemu haijui impelekee nani, na ukijaribu kutuma utapata `+CMS ERROR: 330`. Namba sahihi unaipata kwa kampuni ya simu, au weka laini kwenye simu uisome kwenye mipangilio ya meseji.

Yote manne yakiwa sawa na bado haitumi, cheki salio, tena sio salio tu, cheki kama kifurushi kimekwisha muda. Linasikika jambo dogo lakini laini ya modemu haina mtu wa kuisoma ile meseji ya "kifurushi chako kimeisha".

Kuna hali moja inawasumbua watu wiki nzima: modemu inajibu kila swali vizuri, inaposubiri iko sawa, ila ukituma tu inapotea na kurudi. Huo ni umeme mdogo. Modemu ya GSM ikiwa imetulia inakula kidogo sana, lakini ule mpigo wa kutuma kwenye 2G unaweza kuvuta mpaka ampea 2 kwa muda mfupi mno, chaja dhaifu au waya mwembamba mrefu hauwezi, volti inashuka, modemu inajizima. Ili uone kwa macho fungua dirisha moja uandike

```
dmesg -w
```

halafu tuma meseji kwenye dirisha jingine. Ukiona `USB disconnect` inatokea pale pale unapotuma, umeshajua. Weka kigawanyio cha USB chenye chaja yake, fupisha waya, na kama ni moduli tupu uliyoiunga mwenyewe weka kapasita ya kama 1000 mikrofaradi karibu kabisa na pini za umeme wa moduli, sio huko mbali kwenye chaja. Na ukishaona mawimbi ni dhaifu ujue yanaongeza tatizo hili, maana modemu iliyo mbali na mnara inapaza sauti zaidi, inavuta umeme zaidi.

Meseji inafika, ila masaa baadaye

Hapa ndo naomba ukae vizuri maana kuna njia ya kujua bila kubahatisha. Meseji moja ya tahadhari ikiandikwa vizuri inabeba nyakati tatu au nne, ukizilinganisha unajua ilikwama wapi.

Tuseme mhudumu analalamika kwamba meseji ya friji namba 2 imefika saa 19:40 jioni wakati joto lilipita 8 mchana. Chukua simu yake, bonyeza ile meseji kwa muda, fungua maelezo. Simu nyingi za Android zinaonyesha muda wa kutumwa na muda wa kupokelewa. Ule wa kutumwa sio muda ambao kompyuta yako iliandika, ni muda ambao kituo cha meseji kiliipokea kutoka kwa modemu. Hilo ni la maana sana. Sasa soma:

Ndani ya meseji umeandika "tangu 14:05". Logi ya `gammu-smsd` inasema 14:36, kwa sababu programu inasubiri nusu saa kabla ya kupiga kelele, nitaelezea chini. Maelezo ya simu yanasema imetumwa 14:36 na imepokelewa 19:40. Basi upande wako wote ni mzima, meseji ilifika kituoni papo hapo na ikakaa hapo masaa matano ikisubiri simu ya mhudumu, ambayo ilikuwa imezimwa, haina chaji au iko sehemu isiyo na netiweki. Hakuna cha kurekebisha kwenye modemu, cha kurekebisha ni orodha ya wanaopigiwa.

Ila kama maelezo ya simu yangesema imetumwa 19:39, na tukio ni 14:05, basi meseji ililala kwako muda wote huo, kwenye outbox au modemu ikiwa imepoteza mnara. Unarudi kwenye maswali manne ya juu. Na kama logi yenyewe inaonyesha programu iliamka 19:38, basi hata modemu haina kosa, tatizo ni hatua ya kwanza, kompyuta ilikuwa imeganda au kipimajoto hakikusomwa.

Ndo maana nasisitiza muda wa tukio uandikwe ndani ya meseji yenyewe. Bila hapo mhudumu akipokea "joto limezidi" saa 19:40 anadhani ni sasa hivi, kumbe chanjo zimekaa nje ya kiwango tangu mchana, na maamuzi ya hali hizo mbili hayafanani hata kidogo. Pia hakikisha saa ya kompyuta ni sahihi, maana kompyuta ndogo nyingi hazina betri ya saa na zinachukua muda kutoka intaneti. Intaneti haipo, umeme ukakatika, inaamka na tarehe ya zamani. Moduli ndogo ya saa yenye betri inamaliza hilo.

Halafu kuna suala la meseji zilizochelewa kumwagika zote kwa mkupuo. Kituo cha meseji kinaihifadhi meseji mpaka muda wake uishe, na muda huo unaupanga wewe mtumaji. Usipoupanga inaweza kubaki huko siku kadhaa. Tahadhari ya joto ya juzi ikiingia leo inaleta taharuki ya bure, au mbaya zaidi inafanya watu wazoee kuzipuuza. Ukituma kwa amri za modemu moja kwa moja unapanga hivi:

```
AT+CMGF=1
AT+CSMP=17,11,0,0
```

Hiyo 11 ndo muda, unaongeza 1 kisha unazidisha kwa dakika 5, inakuja dakika 60. Hesabu hiyo inaishia 143, juu ya hapo kila namba inaongeza nusu saa, kwahiyo ukitaka masaa 24 weka 167. Kwa upande wa `gammu sendsms` kuna `-validity` unayoweza kuipa `HOUR`, `6HOURS` au `DAY`. Mimi kwa tahadhari ya joto naweka saa moja halafu programu inatuma mpya yenye joto la sasa kama hali bado mbaya. Kwa meseji ya "umeme umekatika" naweka masaa 6 maana hata ikichelewa bado inamwambia mtu jambo la kweli.

Salio linaisha kuliko ulivyohesabu, au meseji inafika nusu nusu

Meseji moja ina nafasi ya herufi 160, hilo wengi wanalijua. Ambalo halijulikani ni kwamba hizo 160 ni kwa zile herufi za kawaida za GSM peke yake. Ukiweka alama moja tu isiyo kwenye orodha hiyo, meseji nzima inahamia mfumo mwingine wenye nafasi ya 70. Sio ile alama tu, nzima. Na ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67, kila kipande unalipia. Za kawaida zikizidi 160 zinakatwa vipande vya 153.

Angalia hii:

```
TAHADHARI! Friji ya chanjo no. 2 imepanda hadi 9.4°C – tafadhali mhudumu wa zamu aangalie haraka iwezekanavyo.
```

Ina herufi 110 ukihesabu na nafasi, unasema hii ni meseji moja. Hapana, ni mbili. Ile alama ya nyuzi ° haimo kwenye orodha ya GSM, na ile deshi ndefu nayo haimo. Kila mfumo wa kupima joto unaingia kwenye mtego huu maana ° inakuja yenyewe kutoka kwenye programu. Alama za kunukuu zilizopinda zinazotoka ukikopi kutoka kwenye hati nazo ni hivyo hivyo, na emoji ndo usiseme. Kwenye netiweki mbovu gharama sio hela tu, vipande viwili vinasafiri kila kimoja kivyake, kimoja kikifika na kingine kikakwama, simu nyingine zinasubiri mpaka vyote viwepo na nyingine zinaonyesha nusu. Kwahiyo meseji fupi inafika zaidi.

Iandike hivi:

```
FRIJI 2 JOTO 9.4C (mwisho 8) tangu 14:05. Angalia mlango na umeme. Jibu OK 2. #0417
```

Hizo ni 83, meseji moja, na ina kila kitu: kifaa, namba, kiwango, muda, cha kufanya, jinsi ya kujibu, na namba ya tukio. Weka kitu gani na kiasi gani mwanzoni kabisa kwa sababu mtu anasoma ule mstari wa kwanza kwenye kioo kilichofungwa. Kwenye programu yako ongeza mstari wa kusafisha maandishi kabla ya kutuma, ubadilishe ° iwe tupu na deshi ndefu iwe fupi, usitegemee kila mtu anayeandika ujumbe atakumbuka. Kama unatumia mabano ya mraba au ya mawimbi yanapita, ila kila moja linahesabiwa mbili.

Meseji hiyo hiyo inakuja mara ishirini

Sababu ziko mbili na zinatofautishwa na ile namba ya tukio pale mwishoni. Kama meseji zina namba tofauti, #0417, #0418, #0419, basi joto linacheza mpakani, 8.1 inatuma, 7.9 inatulia, 8.1 inatuma tena. Kama zote ni #0417, basi ni tukio moja linatumwa kwa kurudia.

La kwanza linatibiwa kwenye kipimo. Weka kiwango cha kuanza na cha kuisha viwe tofauti, anza juu ya 8 na usihesabu imepona mpaka ishuke chini ya 7. Na weka muda wa kusubiri, mlango ukifunguliwa hewa ya ndani inapanda fasta ila chanjo zenyewe hazijapata joto bado. Vipimajoto vya siku 30 vinavyotumika kwenye friji za chanjo vinapiga kengele joto likikaa juu ya 8 kwa masaa 10 mfululizo, au likishuka mpaka -0.5 au chini yake kwa dakika 60. Lakini hizo zinarekodi kwamba hatari imetokea, meseji yako inatakiwa iwahi kabla, kwahiyo nusu saa kwa upande wa joto ni sawa na ndo ile niliyoitumia kwenye mfano. Upande wa baridi usisubiri hivyo, kuna chanjo zikiganda hazirudi, dakika 10 zinatosha. Kingine kinachosaidia sana ni kuweka kipimajoto ndani ya kichupa chenye maji yaliyochanganywa na gliseroli, kinafuata joto la chanjo badala ya kufuata hewa ya mlangoni.

La pili, la namba kufanana, linatokea hasa kwa wanaotuma kupitia intaneti. Programu inatuma ombi, kampuni inalipokea na kutuma meseji, lakini intaneti inakatika kabla jibu halijarudi, programu inadhani imeshindikana inatuma tena, na tena. Dawa ni kila ombi liende na namba ya tukio kama kumbukumbu ili kampuni itambue ni lile lile, kama huduma yao inaruhusu, na kama hairuhusu basi weka ukomo wa kurudia mara tatu hivi huku ukiongeza muda kati ya jaribio na jaribio. Kwa modemu yako mwenyewe angalia `MaxRetries` kwenye `gammu-smsd` na uhakikishe programu yako haifanyi marudio yake juu ya yale.

Mtu anajibu OK na mfumo hauoni

Meseji zinatoka vizuri, majibu hayaingii, na mfumo unaendelea kumsumbua mtu ambaye ameshajibu. Kabla ya kufikiria chochote kikubwa uliza

```
AT+CPMS?
```

Ukiona kitu kama `"SM",30,30` maana yake laini ina nafasi 30 na zote zimejaa. Zimejazwa na nini? Na matangazo ya kampuni ya simu, ofa, bahati nasibu, vikumbusho vya salio. Modemu haifuti yenyewe. `gammu-smsd` ikiwa inafanya kazi inazivuta na kuzifuta, ila ikiwa ilisimama siku nyingi au unatumia programu uliyoandika mwenyewe zinarundikana. `AT+CMGD=1,4` inafuta zote, zisome kwanza kama kuna za muhimu.

Majibu yakiingia yatumie kupandisha ngazi, yaani mhudumu wa zamu asipojibu OK ndani ya dakika 15 meseji iende kwa wa pili, halafu kwa msimamizi. Usitegemee ripoti ya kufikishwa kwa kazi hii. Ripoti inasema simu imepokea, haisemi mtu amesoma, na simu inaweza kuwa kwenye droo.

Kimya, na hujui kama ni kimya cha heri

Wiki tatu hakuna meseji. Friji iko sawa, au modemu imekufa? Hutajua mpaka siku ya tatizo, isipokuwa ukipanga meseji moja kila siku saa ile ile, tuseme 07:30, "FRIJI 1 4.6C FRIJI 2 5.1C umeme upo betri 100 mawimbi 17 salio 42", hiyo 42 ni meseji zilizobaki kwenye kifurushi. Ni meseji moja kwa siku na inafanya kazi nyingi, inaizuia laini kufungwa kwa kutotumika, inakuonyesha mawimbi yakishuka siku kwa siku kabla hayajakata, na salio likikaribia kuisha linaonekana mapema.

Ila sasa jambo lenyewe ni nani anagundua isipokuja. Binadamu anaona kilichokuja, ambacho hakijakuja hakioni, hasa baada ya wiki ya pili. Kwahiyo mpe mtu mmoja mwenye jina, na kwenye daftari la joto la friji ambalo kituo kinajaza asubuhi na jioni ongezeni safu moja ya "meseji ya 07:30 imefika?", anayejaza joto anaweka alama. Kama mnasimamia vituo vingi basi meseji hizo ziende kwenye modemu moja upande wa ofisi, na kompyuta ya pale iangalie, ikifika 08:30 kituo fulani hakijasikika inamtumia meseji msimamizi ikitaja kituo. Hiyo saa moja iache, maana asubuhi minara mingine inakuwa imezidiwa na meseji inaweza kuchelewa bila kitu kuharibika. Kituo kikikosekana, msimamizi apige simu ya kawaida kwanza kabla ya kutuma fundi, muulize mhudumu kama umeme upo na kama taa ya modemu inawaka, na ukipata majibu hayo mawili unajua fundi abebe nini.